Mtamba hapimwi kwa kalenda, jamani

Ukimuuliza kijana yeyote anayefuga nguruwe hapa Lodwar kama mtamba wake yuko tayari kupandishwa, jibu huwa liko mdomoni: "Tayari kabisa, amefikisha miezi minane." Basi anatafutiwa dume, pesa zinalipwa, na jioni hiyo hiyo watu wanaanza kugawana watoto ambao hata mimba yao haijatunga. Mimi nasema hiyo miezi minane ndiyo inayotumaliza. Nitaeleza kwa nini, na wale ambao tayari wamekasirika wanivumilie kidogo.

Mtamba, kwa wale wageni kwenye mambo haya, ni nguruwe jike ambaye hajawahi kuzaa. Kanuni ya miezi minane haikutoka hewani. Ilitokana na nguruwe weupe wa kisasa, wale wa masikio yaliyosimama, wanaolishwa chakula kamili tangu siku wanayoachishwa kunyonya. Nguruwe kama huyo akifika miezi saba au minane huwa na kilo 110 hadi 130, na kilo hizo ndizo zinazotafutwa. Miezi ilikuwa njia ya mkato tu ya kutaja uzito. Aliyeiandika alikuwa na zizi lenye kivuli, maji ya bomba na chakula cha kutosha. Hakuwa Kanamkemer saa nane mchana.

Huku kwetu nguruwe wengi wazuri huletwa wakiwa wadogo kutoka upande wa Kitale, safari ya takriban kilomita 300. Wakifika wanakutana na joto linalopita nyuzi 35 karibu kila siku. Nguruwe hana jasho la kumpoza kama wewe. Njia yake ya kupunguza joto mwilini ni kuhema, kulala kwenye tope, na kula kidogo. Hapo kwenye kula kidogo ndipo kilo zinapopotelea. Chakula chenyewe nacho kinapanda lori kutoka kule kule Kitale, kwa hivyo wengi wetu tunachanganya pumba na makombo ya hotelini. Kakuma ni afadhali usiulize. Tangu mgao wa chakula wa wakimbizi uanze kupunguzwa, makombo yenyewe yamekuwa haba.

Ukitaka kuona kalenda inavyoweza kudanganya, angalia Busia. Watafiti waliopima nguruwe wa wafugaji wadogo kule waliwakuta wakiongeza chini ya gramu 200 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: gramu 200 mara siku 240 ni kilo 48. Huyo ana miezi minane kamili, na ana uzito wa mbuzi dume aliyenona. Je, utampandisha kwa sababu kalenda imesema?

Nina mfano wa karibu zaidi. Kikundi cha vijana ninachokifahamu mtaani Kanamkemer kilinunua mitamba wawili, ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa katikati ya Desemba. Walikaa zizi moja na kulishwa hori moja. Lakini mmoja alikuwa mbabe, akila anamfukuza mwenzake. Joto la kwanza la yule mbabe lilionekana tarehe 12 Juni, akiwa na miezi sita. Siku hiyo walimpima wakapata kilo 84. Hawakumpeleka kwa dume. Waliandika tarehe kwenye daftari na kuhesabu siku 21. Tarehe 3 Julai alirudi kwenye joto, kilo 94. Tarehe 24 Julai akarudi tena, kilo 105. Tarehe 14 Agosti, joto la nne, alikuwa na kilo 117 na ndipo akapandishwa.

Ndugu yake naye alionyesha joto wiki hiyo hiyo. Walizaliwa usiku mmoja, kwa hivyo kalenda iliwapa wote wawili miezi minane. Tepu ilisema kilo 79.

Hapo kikundi kikagawanyika. Nusu walisema tusubiri, nusu wakasema dume si yuko hapa tayari, tupunguze gharama mara moja. Waliotaka kupunguza gharama walishinda kwa kelele. Mwezi wa kumi na mbili yule wa kilo 117 alizaa watoto tisa. Huyu mdogo alizaa watano, wawili wakafa ndani ya siku tatu, na maziwa hayakuwatosha waliobaki. Wakaachishwa wote kunyonya siku moja. Yule mkubwa alirudi kwenye joto siku ya sita. Mdogo alibaki mifupa na ngozi, na wiki sita baadaye hakuwa ameonyesha dalili yoyote. Alikula chakula mwezi mmoja na nusu bila kuwa na mimba wala watoto, kisha akauzwa kwa mchinjaji kwa bei ya huruma.

Wapo watakaosema nguruwe wawili hawathibitishi kitu. Kweli, lakini kilichowapata kinaeleweka. Katika joto la kwanza mtamba hutoa mayai machache kuliko atakayotoa katika joto la pili au la tatu, kwa hivyo uzao wake huwa mdogo tangu mwanzo. Halafu mwili wake bado unakua. Ukimtia mimba akiwa na kilo 79, chakula kile kile kinapaswa kujenga mifupa yake, kulisha watoto tumboni, na baadaye kuwa maziwa. Akinyonyesha, anachota kwenye akiba ambayo hakuwahi kuiweka. Ndiyo maana hasara kubwa mara nyingi haionekani kwenye uzao wa kwanza. Inaonekana kwenye wa pili, ambao unachelewa au haufiki kabisa.

Sasa wengi wataniambia hawana mizani. Hata kile kikundi hakikuwa nayo. Walitumia tepu ya fundi cherehani, ile ya shilingi chache. Unamsubiri mtamba asimame ametulia, kichwa chini akila, asubuhi kabla hajashiba. Unazungusha tepu kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele na kusoma mzingo. Kisha unapima urefu kwa juu, kuanzia katikati ya masikio hadi mkia unapoanzia. Vipimo viwe vya mita. Hesabu yenyewe ni hii:

kilo = mzingo × mzingo × urefu × 69.3

Yule mkubwa tarehe 14 Agosti alikuwa na mzingo wa mita 1.16 na urefu wa mita 1.25. Mara moja 1.16 kwa 1.16 ni 1.3456. Zidisha kwa 1.25 upate 1.682, zidisha kwa 69.3 upate 116.6. Ndugu yake alikuwa na mzingo wa 1.02 na urefu wa 1.10, na simu yako itakupa jibu. Hesabu hii inaweza kukosea kilo chache juu au chini, hasa akisogea au akiwa ameinua kichwa, kwa hivyo pima mara mbili. Lakini haiwezi kukosea kiasi cha kumgeuza wa 79 awe wa 117.

Kwa maoni yangu, kwa nguruwe wa kisasa au chotara anayekaribia wa kisasa, asipandishwe chini ya kilo 110, na awe ameonyesha joto angalau mara mbili zilizoandikwa. Wa kienyeji hatafika huko kamwe, huyo umngoje aache kurefuka na awe na nyama juu ya mgongo. Wala usingoje mpaka awe pipa. Mtamba aliyenenepa kupita kiasi huchosha miguu yake na hula pesa yako bure.

Najua kelele inayofuata: kungoja ni gharama. Sawa, tuihesabu. Mtamba hula kama kilo mbili na nusu kwa siku. Kungoja joto moja zaidi ni siku 21, yaani kilo 52 na nusu. Haifiki gunia moja la kilo 70. Linganisha na watoto wanne waliokosekana, na wiki sita za kulisha nguruwe asiye na kazi. Mimi ningelipa hilo gunia nikitabasamu.

Tatizo la pili ni hilo joto lenyewe. Vijana wengi huniambia mtamba wao "haingii joto". Mara nyingi ameingia na ametoka, ila hakuna aliyekuwa akimwangalia saa inayofaa. Hapa Turkana mchana kila nguruwe amelala, mwenye joto na asiye na joto, wote wamejinyoosha chini ya mti wa etirae, ule mathenge, wakihema. Ukipita saa sita mchana huwezi kumtofautisha yeyote. Angalia saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza, kisha tena jioni linapozama. Mtamba hukaa kwenye joto siku moja hadi mbili tu. Ukikosa asubuhi na jioni moja, huenda umekosa siku 21.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Siku mbili tatu kabla, uke huvimba na kuwa mwekundu, naye anakuwa hatulii, anatembea kando ya ukuta, anawapanda wenzake na kuacha chakula. Hapo bado. Ukimgusa mgongo anakimbia na kupiga kelele. Baadaye uvimbe huanza kunywea kidogo, rangi inafifia, ute unakuwa mzito wa kunata. Sasa simama ubavuni, mkandamize kiunoni kwa viganja viwili kwa nguvu. Akiganda pale pale, miguu imekazwa, masikio yamesimama, hata ukimkalia hasogei, hilo ndilo joto la kumpandisha. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kukimbilia dume siku ya wekundu. Dume anamfukuza mtamba kuzunguka zizi lote, mtamba anaumia na kuogopa, na mwenye dume anadai pesa zake vilevile.

Na wekundu wenyewe hudanganya kwa njia mbili ambazo zinatuhusu sana. Ya kwanza ni jua. Nguruwe mweupe akikosa kivuli anaungua ngozi, na sehemu ile ikiwa wazi kwa jua inakuwa nyekundu bila joto lolote la uzazi. Angalia masikio na mgongo: vikiwa vyekundu pia, ni jua. Ya pili ni mahindi yenye ukungu. Nafaka iliyolowa ikaoza kidogo huwa tunawapa nguruwe tukidhani tunaokoa. Kuna ukungu unaotoa sumu inayoiga homoni ya kike mwilini. Uke unavimba, chuchu zinakua, hata kwa vijike vya miezi mitatu. Utaijuaje? Uvimbe wa joto huja na kuondoka ndani ya siku chache na kurudi baada ya siku 18 hadi 24. Wa ukungu unakaa wiki nzima, wiki mbili, unawapata wengi kwa pamoja, na ukiwakandamiza mgongo hakuna anayesimama. Dawa ni kuacha hayo mahindi, wala si kutafuta dume.

Tuje kwa dume. Mtamba akiwa peke yake, bila kunusa wala kusikia dume, wengi hawatasimama ukiwakandamiza hata kama wako kwenye joto kabisa. Lile povu la mate ya dume lina harufu inayomwambia mwili wa mtamba agande. Ndiyo maana mfugaji mwenye mitamba tupu huona joto hafifu au haoni kitu. Kuanzia umri wa miezi mitano na nusu, mlete dume waonane pua kwa pua kupitia ua, dakika kumi hadi kumi na tano kila siku, na wewe uwe nyuma ukikandamiza migongo. Kufanya hivyo pia huwaharakisha mitamba kuanza kubalehe. Ila usiwajengee vyumba vinavyopakana wakae wakiangaliana mchana kutwa. Wakimzoea dume kama jirani, harufu yake haiwashtui tena. Akae mbali kidogo, aje kwa ziara.

Wengine huuliza kwa nini tusitumie mbegu za mrija kama wenye ng'ombe. Mbegu za dume la nguruwe kwa kawaida hazigandishwi kama za ng'ombe. Hutunzwa zikiwa kimiminika kwenye nyuzi 17 hivi, kwa siku chache. Friji ya nyumbani ni baridi mno, inaziua. Nje ya friji, Lodwar inaziua pia. Mwenye kisanduku kinachoshikilia nyuzi 17 safari nzima kutoka Kitale ajaribu. Sisi wengine tunahitaji dume anayekula na kulala hapa.

Ndiyo maana sikubaliani na miradi inayogawa mitamba kwa vijana, mmoja mmoja kila nyumba, bila dume hata mmoja. Nguruwe wanapigwa picha, watu wanapiga makofi, kisha kila kijana anabaki na mnyama ambaye hawezi kumsoma. Afadhali mitamba wachache kwa kikundi kimoja, na dume mmoja wa kikundi. Kakuma hili lina uzito zaidi. Kwenye kambi ile iliyoanzishwa 1992, na Kalobeyei iliyofuata 2016, mfugaji wa Sudan Kusini, Kongo au Burundi anaishi jirani na Waislamu ambao nguruwe kwao ni haramu. Kumswaga mtamba kupitia mitaa mitatu kumtafuta dume ni kutafuta ugomvi. Pia dume anayezunguka zizi hadi zizi ndiye anayebeba homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba na inaweza kumaliza zizi zima ndani ya wiki moja. Dume wa kikundi asipande nje ya kikundi, hata akiombwa na mjomba.

Siku ikifika, mtamba ndiye apelekwe kwa dume. Dume akiwa kwake anajiamini na kazi inakwisha haraka. Ukimpeleka yeye ugenini atanusa kuta nusu saa. Asiwe dume mzito wa miaka mitatu juu ya mtamba wa kilo 117, atamvunja. Sakafu iwe na mchanga mkavu au nyasi, isiteleze. Yule wa Kanamkemer alisimama kwa mara ya kwanza jioni ya tarehe 13, akapandishwa asubuhi ya tarehe 14 na tena jioni yake. Mbili hizo, za saa kumi na mbili mbili, zinatosha, kwa sababu mayai hushuka kuelekea mwisho wa joto na hatujui saa yenyewe.

Baada ya hapo watu hulala usingizi, na hapo ndipo jua la Turkana huiba mimba. Wiki tatu hadi nne za kwanza ndizo mimba inapojishikiza, na mama akipata joto kali kipindi hicho vijusi hufa kimya kimya. Kivuli kizito, maji ya kunywa wakati wote, na ndoo ya maji mwilini mchana mara kadhaa. Mhamishe sehemu tulivu, asipigane na wengine. Dume naye anahitaji hayo hayo. Akipigwa na joto leo, mbegu zake zinaweza kubaki dhaifu kwa zaidi ya mwezi, naye atapanda kwa bidii kama kawaida na hutajua.

Kisha rudi kwenye daftari. Kwa yule wa tarehe 14 Agosti, siku za kuangalia zilikuwa 1 hadi 7 Septemba, asubuhi na jioni, dume akiletwa kwenye ua. Angesimama tena, ingekuwa mimba haikushika, na wangempandisha upya siku hiyo bila kupoteza wiki tatu nyingine. Hakusimama. Wakahesabu siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, wakaandika 6 Desemba kwa kalamu nyekundu, na kuanzia mwisho wa Novemba wakaanza kumtandikia nyasi.